Singa Zisizolala: Kuseti Nywele Nyembamba kwa Rola na Vizingo vya Pini

Kuseti nywele ni kuzizungusha zikiwa bado na unyevu, kuzibana zikae katika umbo hilo, kisha kuziacha zikauke kabisa kabla ya kuzifungua. Kuna njia mbili za zamani za kuzibana. Ya kwanza ni rola, yaani bomba dogo lenye matundu ambalo fungu la nywele huviringishwa juu yake. Ya pili ni kizingo cha pini: fungu dogo la nywele huzungushwa kwa vidole hadi likawa duara kama gamba la konokono, likalazwa kichwani na kubanwa kwa pini. Katika Ulaya na Marekani ya miaka ya 1920 hadi 1940, vizingo vya pini ndivyo vilivyokuwa kazi ya kila usiku kwa wanawake wengi. Walilala navyo chini ya kitambaa na kuvifungua asubuhi. Rola zilitawala baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, mtindo ulipotaka nywele zilizoinuka juu ya kichwa.

Katika saluni nyingi za Afrika Mashariki rola zinajulikana zaidi kwa kazi nyingine. Mwenye nywele zilizotiwa dawa huwekewa rola kubwa ili nywele zinyooke, zing'ae na zipate mwili. Mwenye singa nyembamba anataka karibu kinyume chake. Nywele zake zimenyooka tayari, tena zimenyooka mno. Anachotaka ni ziinuke na zipinde. Kifaa ni kilekile na maji ni yaleyale, ila ukubwa wa rola, mwelekeo wa kuvuta na kiasi cha mafuta hubadilika vyote.

Singa nyembamba hulala kwa sababu inayoweza kupimwa. Unywele mnene huwa na kipenyo cha milimita 0.08 au zaidi, na ule mwembamba huwa chini ya milimita 0.06. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukakamavu wa uzi wowote hushuka haraka kuliko uzito wake kadiri uzi unavyopungua unene. Unywele wenye nusu ya unene wa mwingine una robo ya uzito wake, ilhali ukakamavu wake ni sehemu moja tu kati ya 16. Kwa hiyo hauwezi kujibeba, na huanguka tangu shinani. Kisha mafuta ya ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, kwani hakuna kona ya kuyazuia. Ndiyo maana singa zilizooshwa juzi hushikamana na kuonekana chache kuliko zilivyo.

Mkunjo hutokana na maji zaidi kuliko joto. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za keratini zimeshikana kwa vifungo vya aina mbalimbali. Vile vya salfa ni vigumu, na ndivyo vinavyovunjwa na dawa za kunyoosha au za kukunja. Vile vya haidrojeni ni dhaifu lakini ni vingi mno, na maji peke yake huvilegeza. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi William Astbury, akifanya kazi Leeds, mji wa Uingereza wenye viwanda vya sufu, alipiga picha za mionzi ya eksi za sufu na nywele, akaonyesha kwamba unyuzi uliolowa ukivutwa, molekuli zake zilizojikunja hufunguka na kunyooka. Unywele uliozungushwa kwenye rola uko hivyo: upande wa nje umevutwa kidogo na wa ndani umebanwa. Maji yakiisha, vifungo vya haidrojeni hujifunga upya mahali pengine, na umbo jipya hubaki.

Hapo ndipo nguvu ya kuseti na udhaifu wake vinapokutana. Kilichofungwa kwa kukauka hufunguliwa kwa kulowa, hata kama maji yenyewe ni mvuke wa hewa ya pwani au jasho la shingoni. Hakuna spirei inayoondoa ukweli huo, inauchelewesha tu.

Jambo linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba kuinuka na kukunjika ni kitu kimoja. Mtu huweka rola ndogo ndogo kichwa kizima, akifungua anakuta ncha zimejikunja kama kamba na juu ya kichwa kumelala kama kawaida. Mkunjo huamuliwa na unene wa rola. Kuinuka huamuliwa na pembe ambayo shina la nywele lilikauka nayo.

Fungu likivutwa moja kwa moja kutoka kichwani na kuviringishwa, rola huishia nusu juu ya kitako chake, yaani eneo la ngozi ambalo fungu limetoka, na nusu nje. Nywele huinuka kiasi. Fungu likielekezwa mbele kupita wima, yaani upande ulio kinyume na unakoviringishiwa, rola hukaa juu ya kitako chote na shina hukauka likiwa limesimama. Huko ndiko kuinuka kwa juu kabisa, na kwa singa nyembamba utosini ndiyo pembe ya kutumia. Fungu likivutwa kuelekea chini, rola huning'inia nje ya kitako na shina hubaki limelala. Upana wa kitako usizidi upana wa rola yenyewe. Ukizidi, nywele za pembeni hazifiki kwenye rola zikiwa zimesimama, na juhudi yote ya pembe hupotea.

Kizingo cha pini hufuata kanuni hiyohiyo. Kikilazwa bapa juu ya kitako chake hutoa mkunjo wenye nguvu usioinuka sana. Kikisimamishwa kama pete, kwa kuacha tundu katikati na kukibana chini tu, hufanya kazi ya rola. Tundu hilo la katikati lina umuhimu wake. Duara lililo wazi, ambalo ncha ziko nje kidogo ya katikati, hutoa mkunjo wa ukubwa mmoja toka juu hadi chini. Duara lililozibwa hadi katikati hutoa mkunjo unaozidi kuwa mdogo kuelekea nchani, na kwa nywele nyembamba ncha hizo hutokea kama mkia wa nguruwe.

Ukubwa wa rola huchaguliwa kwa hesabu ndogo. Nywele zikizunguka rola mara moja, hupata upindo tu kama herufi C. Zikizunguka mara moja na nusu hupata wimbi, na mara mbili na nusu au zaidi hupata mkunjo kamili. Rola ya kipenyo cha sentimita 3 ina mzingo wa takriban sentimita 9 na nusu, hivyo nywele za sentimita 28 huizunguka karibu mara tatu. Rola ya sentimita 4 huzungukwa mara mbili na ushei, na nywele hizohizo zikitoka hapo huwa wimbi pana. Singa nyembamba hulegea haraka baada ya kufunguliwa, kwa hiyo anayetaka wimbi pana usiku huchagua rola ya sentimita 3, si ya 4. Mkunjo unaoonekana umezidi saa 12 jioni ndio utakaokuwa sawasawa saa 3 usiku.

Mfano wa Mombasa unafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu unakusanya taabu zote pamoja. Mwanamke mwenye singa nyembamba zinazofika mabegani, sentimita 28 hivi toka shinani, amealikwa kwenye kupamba, ile jioni ya wanawake ambapo bibi harusi huonyeshwa. Anatakiwa ukumbini saa 2 usiku. Ndani ya ukumbi ni wanawake watupu na nywele ni sehemu ya pambo, lakini njiani atakuwa ndani ya buibui na mtandio, katika hewa nzito ya bahari. Akifungua mikunjo nyumbani, atafika imeshapondwa.

Kazi huanza saa 7 mchana kwa kuosha. Shampuu hupigwa mara mbili kwenye ngozi na mashina. Kondishina hupakwa sentimita 8 za mwisho tu, kisha husuuzwa hadi maji yatoke meupe, maana kondishina shinani ni mzigo ambao singa hizo haziwezi kuubeba. Mafuta ya nazi, ambayo pwani hupakwa karibu kwa mazoea, siku hiyo huachwa chupani. Nywele hukandamizwa kwa taulo bila kusuguliwa, kisha huachwa hadi ziwe na unyevu bila kudondosha maji. Zikiwa chapachapa, rola hazitakauka kwa wakati. Zikiwa zimekauka nusu, hazitashika. Povu la nywele la ukubwa wa yai hugawanywa kwa kitana toka shinani hadi nchani. Ni afadhali povu kuliko krimu, kwa kuwa povu likikauka huacha utando mwepesi unaoshikanisha nywele katika umbo lake bila kuzilainisha. Wakati huohuo mhusika awe amevaa shati la vifungo au amejifunga kanga, kwani nguo inayovuliwa kupitia kichwani ni adui wa kazi itakayofuata.

Si lazima kuchagua kati ya rola na pini. Kichwa hiki kinahitaji zote mbili. Juu, toka paji la uso hadi nyuma ya utosi, patahitaji kuinuka, hivyo hapo huwekwa rola saba za sentimita 3 kwa mstari, kila fungu likivutwa mbele kupita wima na kuviringishwa nyuma. Pembeni, juu ya masikio, huwekwa rola tatu kila upande, zikivutwa sawa na kichwa bila kuzidisha pembe, la sivyo uso utaonekana mpana. Kuanzia chini ya mfupa wa kisogo hadi shingoni hakuhitajiki kuinuka hata kidogo, kwani huko nywele za juu ndizo zitakazofunika. Hapo huwekwa vizingo bapa vya pini, kama 12, katika safu tatu. Vizingo vya safu ya pili huanzia katikati ya viwili vya safu ya kwanza, jinsi fundi anavyopanga matofali, ili mistari ya ngozi isiungane na kuonekana kama mifereji nywele zikifunguliwa.

Kizingo kimoja hutengenezwa hivi. Fungu la upana wa sentimita 3 hivi huchanwa hadi liwe utepe usio na unywele uliolegea. Ncha huzungushwa kwenye kidole cha shahada hadi duara la kwanza lipatikane. Duara hutolewa kidoleni na kuendelea kuviringishwa kuelekea kichwani bila kupinduka, kisha hulazwa juu ya kitako chake. Pini huingizwa toka upande ulio wazi, ikapita juu ya ukingo mmoja wa duara na kushika shina. Pini ikipita katikati ya duara lote huacha alama ya mkunjo mkali kwenye nywele zilizolowa, na alama hiyo haitoki kwa kuchana. Ncha, iwe za rola au za kizingo, lazima ziwe zimelala kufuata mzunguko. Kikaratasi chembamba cha kufungia ncha, kile cha wasusi, huzuia ncha zisijipinde kinyume kama ndoana. Kosa hili ni la kawaida sana kwa singa nyembamba, na likishakauka dawa yake ni kulowesha ncha hizo na kuanza upya.

Mvuto uwe wa wastani. Unywele uliolowa huvutika sana kuliko mkavu, hadi karibu theluthi ya urefu wake, na unywele mwembamba ukivutwa hadi mwisho wake hukatika au hupoteza unyumbufu. Rola inayouma ngozi imebana mno. Rola za kujinasa, zile zenye vijiti vidogo kama mbigiri, zinapendwa kwa sababu hazihitaji pini, lakini katika singa nyembamba zilizolowa hunasa na kung'oa. Zinafaa kwa nywele zilizokwisha kaushwa, kwa kuinua kidogo tu. Rola laini za plastiki zenye matundu ndizo salama kwa kuseti mbichi.

Saa 9 kazi ya kuviringisha imekwisha. Kwenye draya ya kofia, kwa joto la wastani, singa nyembamba hukauka kwa dakika 40 hadi 50, mapema kuliko nywele nene. Asiye na draya anahitaji kuanza asubuhi, kwa sababu kizingo bapa huchukua usiku mzima au karibu saa nane kukauka chenyewe, na katika hewa ya Mombasa huenda zaidi. Feni husaidia kuliko jua la uani, kwani jua hutoa jasho kichwani.

Ukavu haupimwi kwa kugusa juu. Nje ya rola hukauka kwanza na ndani hubaki mbichi. Hufunguliwa rola moja ya nyuma, ambako kosa halitaonekana, na sehemu iliyokuwa ndani kabisa huwekwa kwenye mdomo wa juu, mahali panapohisi ubaridi upesi kuliko kidole. Ikihisi baridi, kuna maji. Nywele zinazotoka kwenye draya nazo hudanganya, kwa kuwa joto hufanya nywele mbichi zihisi kavu. Kwa hiyo kipimo hufanywa baada ya kupoa, na kupoa kwenyewe ni sehemu ya kuseti. Nywele za moto bado ni laini, na zikifunguliwa hapo hapo hulegea kwa uzito wake. Dakika 20 ndizo za chini kabisa. Katika mfano huu rola zinabaki kichwani tangu saa 10 hadi saa 12 jioni, hina ikikamilishwa na uso ukipambwa.

Rola haziingii chini ya mtandio, na hapa ndipo vizingo vya pini vinapookoa. Saa 12, baada ya gauni kuvaliwa, rola huondolewa moja moja kwa kufunguliwa, si kuvutwa. Kila mkunjo, ukiwa mkavu na baridi, hurudishwa kwa vidole katika umbo lake lilelile, hulazwa juu ya kitako chake kama pete pana na kushikwa kwa kibanio kimoja chepesi. Haulowi wala haukazwi. Unasafirishwa tu. Vizingo vya kisogoni huachwa kama vilivyo. Juu hufungwa kitambaa cha hariri au cha satini, kisha mtandio. Kitambaa cha pamba hunyonya na kukwaruza, na singa nyembamba zikikwaruzwa husimama ovyo.

Ukumbini, kwenye chumba cha kubadilishia, kazi iliyobaki ni ya robo saa. Pini hutolewa kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo iliyofunguliwa isilemewe na iliyofungwa. Kisha hufanywa jambo linalowaogofya wanaoseti kwa mara ya kwanza: nywele hupigwa brashi. Mikunjo iliyoachwa kama ilivyotoka huonyesha mapengo ya ngozi kati yake, na kwa nywele chache mapengo hayo ndiyo yanayoonekana kwanza. Brashi ya nywele za mnyama, ikipitishwa taratibu toka shinani, huunganisha vizingo vikawa wimbi moja na kuzifanya nywele zionekane nyingi. Zikionekana zimefumuka mno, husubiriwa. Baada ya dakika kadhaa hujikusanya zenyewe. Utosini, mafungu mawili au matatu huinuliwa na kusukumwa kwa kitana kuelekea ngozini, sentimita 3 au 4 za shinani tu, ili kujenga mto mdogo wa kubeba zilizo juu. Safu ya juu hulainishwa kuufunika mto huo. Spirei hupigwa kutoka umbali wa sentimita 25 hadi 30, ukungu mwepesi mara mbili badala ya mvua moja, kwani spirei ya karibu hulowesha, na kulowesha ndiko kulikokuwa kukiepukwa tangu saa 7 mchana.

Ikiwa kitu kimeharibika, dalili husema wapi. Mikunjo ikilegea yote ndani ya dakika kumi, nywele hazikuwa zimekauka au hazikupoa. Ikishika nchani lakini juu kumelala, pembe ilikuwa ndogo au kitako kilikuwa kipana kuliko rola. Ikishika upande mmoja tu, mara nyingi upande wa pili ndio uliokuwa mbali na hewa ya draya. Nywele zikiwa nzito na zenye kunata, povu lilizidi au kondishina haikutoka. Na zikishika vizuri nyumbani kisha zikafa ukumbini, ni unyevu wa hewa. Kwa hilo kuna tiba moja ya dharura isiyohitaji maji: vishungi vya mbele, vile vinavyouzunguka uso, huzungushwa upya kwa kidole, hubanwa na kupuliziwa spirei, na huachwa robo saa. Spirei ikikauka hushika umbo jipya. Nywele za nyuma hukusanywa na kubanwa chini kisogoni, ambako mkunjo uliolegea bado una kazi: hufanya fundo dogo lionekane limejaa.

Usiku, kabla ya kulala, nywele huchanwa kuanzia nchani kwenda juu hadi spirei ivunjike na ule mto wa utosini ufunguke. Kulala nao ni kuamka na fundo, na unywele mwembamba ndio wa kwanza kukatika fundo linapofunguliwa kwa nguvu. Mikunjo iliyobaki inaweza kuzungushwa tena ikiwa mikavu, kwenye vizingo vitano au sita vikubwa chini ya kitambaa cha hariri, ikatoa wimbi dogo la siku ya pili. Baada ya hapo mafuta ya kichwa huwa yameshafika nusu ya urefu, na maji ya kwanza ya kuosha huzirudisha singa kama zilivyokuwa.